Kuacha dawa ya kuzibua pua: anza na tundu moja

Habari zenu, watazamaji. Niko dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, na kichupa nilichokishika ni dawa ya kupulizia puani. Geuza chako usome jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo. Likiwa oksimetazolini au ksailometazolini, endelea kutazama. Namna ya kuipuliza siielezi, kwa kuwa mliofika hapa mnaijua kupita kiasi.

Dawa hii hubana mishipa midogo ya damu ndani ya pua, utando uliovimba ukanywea, na hewa ikapita baada ya dakika chache. Mishipa hiyo ikibanwa siku baada ya siku huizoea dawa, na kila dawa inapoisha nguvu hutanuka kwa kishindo, utando ukavimba upya, naye mgonjwa akidhani mafua yamerudi anapuliza tena. Kwa sababu hiyo mimi humwambia mteja asivuke siku 3, na akizidisha sana ziwe 5. Dalili ya kuwa dawa yenyewe ndiyo inayoziba ni hii: homa na chafya zimekwisha, makamasi ni kidogo, lakini pua imeziba, na nafuu iliyokuwa ikidumu usiku kucha sasa haidumu hata kwa muda wa saa 4.

Hivyo ndivyo alivyokuwa mvuvi mmoja wa dagaa wa Kibirizi, aliyekuja kununua kichupa kingine baada ya kupuliza kwa mwezi mzima. Tulipanga aanze kuacha wakati wa mbalamwezi, ambapo haendi ziwani, kwa sababu siku za mwanzo ndizo ngumu na usingizi huwa wa shida. Aliacha kupuliza tundu la kulia, lililokuwa na nafuu zaidi, akaendelea na la kushoto peke yake, hasa wakati wa kulala, bila kuzidisha kipimo. Tundu moja likipitisha hewa, mtu hulala, hasa akiinua kichwa kwa mito miwili.

Sasa tutengeneze maji ya chumvi. Maji haya yamechemka kwa dakika nzima, na nitayaacha yapoe hadi yawe vuguvugu. Maji ya bomba au ya ziwani yasiyochemshwa hayaingii puani kamwe. Samahani, mvuke umeifunika kamera, ngoja niifute. Robo lita ya maji hutiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikiwa kimesawazishwa. Mimi hupenda chumvi ya Uvinza, lakini ile ya mawe isage kwanza ndipo uipime. Vuta maji kwa bomba safi la sindano lisilo na sindano, inama juu ya beseni, fungua mdomo, kisha sukuma polepole. Fanya hivyo mara 2 au 3 kwa siku.

Baada ya kuosha hufuata dawa ya steroidi ya puani, kama vile flutikasoni au beklometasoni, ambayo mfamasia au daktari atakushauri kama inakufaa. Hii haizibui papo hapo, huchukua siku kadhaa, kwa hiyo ianze kabla hujaacha ile nyingine. Hapa naomba mtazame kwa makini. Tundu la kushoto tumia mkono wa kulia, na la kulia tumia mkono wa kushoto, ili ncha ielekee nje, upande wa jicho na sikio. Usiielekeze kwenye ukuta wa kati wa pua. Naona kamera haikuonyesha vizuri, narudia: mkono wa kulia, tundu la kushoto, ncha ielekee nje. Ukiulenga ukuta wa kati kila siku, utachubuka na pua itatoa damu. Kabla ya kupuliza mara ya kwanza, bonyeza hewani mpaka ukungu utoke. Usivute kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni. Na tena: si ukuta wa kati!

Mvuvi wetu alisumbuka usiku wa kwanza hadi wa nne, na kabla ya juma kwisha tundu la kulia lilifunguka bila dawa. Hapo ndipo alipoliacha na la kushoto, akiendelea na maji ya chumvi na steroidi.

Usikimbilie vidonge vya kuzibua pua badala ya kichupa, kwani navyo hubana mishipa na vinaweza kupandisha presha. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au presha ya macho aonane na daktari, na mtoto asifuate mpango huu bila daktari. Pua ikiwa bado imeziba majuma 3 baada ya kuacha, au ikiziba upande mmoja tu na kutoa damu, nenda hospitali ikachunguzwe, kwa kuwa huenda ukuta wa kati umepinda au kuna kinyama kimeota ndani.