Bio ya Mtu Mwenye Haya: Eleza Unavyofanya, Orodha Iache

Asanteni, karibuni mkae. Walioko nyuma wanaweza kusogea mbele. Najua wengi humu hamkupenda kuonekana mkiingia, na hilo si tatizo, maana mada ya leo ni yenu.

Nitazungumza na mtu mmoja tu. Ni mwenye haya, na kwa mara ya kwanza amejiunga na programu ya kutafuta mwenza. Picha ameweka, jina ameweka, sasa amefika kwenye bio, kile kisanduku kinachomtaka ajieleze, na kidole kimeganda. Mwishowe anaandika hivi: “Napenda kusafiri, muziki, filamu, kusoma na kukutana na watu wapya. Mcheshi, mkweli, napenda amani.” Anafunga simu haraka, kama mtu aliyemaliza mtihani.

Wanaonifahamu wanajua nimeshalipigia kelele jambo hili sana, na nitaendelea. Orodha ile haimwelezi mtu yeyote. Nani hapendi muziki? Nani ameandika kwamba yeye hapendi amani? Ifunike kwa jina la mwingine na hakuna atakayegundua. Na kibaya zaidi, kwa mtu mwenye haya ina uongo ndani yake. “Kukutana na watu wapya”! Wewe ambaye simu ikiita kwa namba usiyoijua unaitazama mpaka inyamaze! Umeandika hivyo kwa sababu umeona wenzako wameandika. Sasa atakuja mtu wa kupenda mikusanyiko, atakualika kwenye kundi la marafiki zake, na wewe utatafuta udhuru.

Kuna mtu ananitazama kana kwamba anasema: si afadhali orodha, angalau haina hatari? Tuone kama haina. Nitawapa kisa cha dada mmoja aliyeniletea maneno yale yale niliyoyasoma, na nitakwenda naye polepole kwa sababu kila kitu kimo humo.

Ujumbe alikuwa akiupata. Alinionyesha. “Mambo.” “Habari mrembo.” “Vipi.” Anajibu “Poa”, mwenzake anaandika “Poa sana”, na mazungumzo yamekufa. Yeye akawa anajilaumu kwamba hajui kuongea. Nikamwambia huyo anayekuandikia umempa jembe lisilo na mpini. Ameisoma bio yako akitafuta pa kushika, akakuta “filamu, kusoma”. Aulize nini? “Unasoma vitabu gani?” Hilo ni swali la usaili, na watu wengi hawataki kumsaili mtu wasiyemjua. Basi anasalimia tu, na mzigo wa kuanzisha mazungumzo unamwangukia asiyeweza kuubeba, yaani wewe mwenye haya. Bio ikiwa na jambo mahususi, anayeandika anauliza juu ya jambo hilo, na wewe unajibu kitu unachokifahamu tangu zamani. Mchangamfu anaweza kuandika upuuzi wowote na bado akaokoa mazungumzo baadaye. Wewe bio inakufanyia kazi ambayo ulimi wako bado hauiwezi.

Tukachukua neno moja kwenye orodha yake, kusafiri. Nikamuuliza mara ya mwisho alisafiri kwenda wapi. Kwenye harusi ya ndugu. Ulipenda nini njiani? Kimya. Uliangalia mandhari? Hapana. Ulilala? Hapana. Sasa ulifanya nini saa zote hizo? Akacheka, akafunika uso, akasema: “Nilikuwa nawasikiliza watu waliokaa nyuma yangu. Mmoja alikuwa anasimulia jinsi walivyogombana na dada yake, halafu wakashuka kabla hajamaliza. Nikamalizia mwenyewe kichwani.” Unafanya hivyo mara nyingi? “Kila nikipanda basi.” Na wale wagombanao, kwako huishia wapi? “Huwa nawapatanisha.”

Mmeona? Mtu huyo ni msikivu, ana ubunifu, ana roho laini, na anachekesha. Sifa zote hizo zimo katika kitendo kimoja, na hakuna hata moja aliyoitaja kwa jina. Angeandika “mimi ni mbunifu na mpole” usingemwamini. Ukimwona anawapatanisha abiria wasiomjua, unaamini mwenyewe.

Alikataa kuiandika, bila shaka. “Nitaonekana mmbea.” Tukalizungumza hilo kwa sababu lina uzito. Mmbea husikia na kupeleka. Yeye husikia na kukaa nalo. Msomaji ataiona tofauti hiyo endapo sentensi ya kupatanisha itabaki, kwa hiyo ile haikuruhusiwa kukatwa. Na yule atakayeisoma yote na bado akaona ni umbea, huyo hakuwa wake. Afadhali apite sasa kuliko baada ya kuonana mara mbili.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ndefu, na ilitaja basi analopanda kutoka kazini na saa anayolipanda. Hapo nilisimamisha kalamu. Sikilizeni vizuri: mahususi maana yake ni mahususi kuhusu tabia. Njia unayopita, saa unayopita, jina la kazini kwako, chuo chako, mtaa wako, vyote hivyo vinatoka. Kusikiliza visa kwenye basi hakumwonyeshi mtu mahali pa kukusubiri, lakini basi lenye jina na saa linamwonyesha. Tukaondoa, na utamu haukupungua hata kidogo.

Ikabaki hivi:

“Nikipanda basi, nasikiliza kisa cha watu wa kiti cha nyuma. Wakishuka kabla hakijaisha, namalizia mwenyewe, na kwangu waliogombana hupatana. Mwanzoni mimi ni mkimya, ila nikikuzoea utaniomba ninyamaze. Una kisa kilichokatikia njiani? Nipe, nikimalizie.”

Nitawasomea tena polepole, muone kila sentensi ina kazi gani. Ya kwanza ni kitendo, na imewekwa mbele kwa makusudi, maana kwenye baadhi ya programu msomaji huona mwanzo tu mpaka aguse skrini kuona zaidi. Ukianza na “Habari, karibu kwenye wasifu wangu”, umeutumia mlango kuning'iniza pazia. Ya pili inaonyesha moyo wake. Ya tatu inasema haya yake bila kuomba radhi, na inampa mwenzake habari ya kumsaidia: subiri kidogo, nitafunguka. Hii ni muhimu, maana mtu mwenye haya akikutana na mtu ana kwa ana hunyamaza, na mwenzake hudhani hapendwi. Ya mwisho inampa msomaji jambo la kuandika. Hahitaji ujasiri wala maneno matamu, anatuma kisa chake tu. Na huyu dada akikipata, jibu lake ni lile ambalo amekuwa akilifanya kichwani miaka yote.

Kwa urefu, maneno hayo ni herufi zipatazo 250, nafasi na alama zikihesabiwa. Yanaingia kwenye Bumble, inayokupa 300, na kwenye Tinder yenye 500 utabaki na nafasi ambayo nakusihi usiijaze. Hinge ina utaratibu wake: unachagua vidokezo vitatu, yaani maswali au vianzio vya sentensi vya kujibu, na kila jibu lina herufi 150, na msomaji anaweza kujibu moja kwa moja kwenye kidokezo anachokipenda. Hapo sentensi mbili za kwanza zinatosha jibu moja, na lile swali la mwisho unalipeleka kwenye kidokezo kingine.

Sasa kuna anayesema moyoni, “Huyo dada ana jambo. Mimi sina.” Nasikia maneno haya kila ninapozungumza, na yananichosha kwa sababu si kweli. Hata yeye alisema hana. Jambo lako hulioni kwa kuwa umelizoea. Usikae mbele ya kisanduku kitupu ukijiuliza wewe ni nani. Swali hilo limewashinda wenye akili nyingi. Fungua mazungumzo yako na rafiki wa karibu, yale ya maandishi au ya sauti, urudi nyuma miezi michache. Tafuta pale ulipomsimulia jambo bila kujipanga, naye akacheka au akasema “huyo ni wewe kabisa”. Nakili maneno yako kama yalivyo. Sauti yako imo humo tayari, na haina haya, kwa sababu ulikuwa unaongea na mtu unayemwamini. Usipopata, mwulize rafiki huyo ni tabia gani yako huwa anawasimulia wengine.

Tahadhari moja, maana wengine wakisikia “mahususi” wanaleta lolote. “Naamka saa kumi na moja alfajiri” ni mahususi, lakini hainionyeshi mtu. Kuna uamuzi gani hapo, hisia gani? Mpenzi wa mpira akiandika “napenda mpira” amerudi kwenye orodha. Akiandika “timu yangu ikifungwa nazima simu mpaka kesho yake, ikishinda nawapigia hata wasioupenda mpira”, sasa namwona, na nina la kumtania.

Naona naonyeshwa saa. Mengine nitayapitia mbio.

“Sijui niandike nini hapa” na “rafiki yangu ndiye aliyenilazimisha kujiunga”, futeni leo hii. Unadhani ni unyenyekevu, msomaji anasoma kwamba uko mguu ndani mguu nje. Orodha za makatazo, “kama si mkweli pita, kama hujajipanga pita”, nazo zifutwe. Mwongo hajawahi kupita kwa kuambiwa, na mpole anaogopa. Utani wa kunakili kwa mwingine usiuguse, kwa sababu siku ya kuongea utatakiwa uuendeleze nawe huna mwendelezo.

Nilitaka niseme juu ya picha kuoana na maneno, lakini hiyo tuiache.

Kipimo ndicho kisikose. Kabla ya kuweka bio yako, mpe rafiki aisome, halafu usimwulize kama ni nzuri, maana atakwambia ni nzuri. Mwambie aandike ujumbe wa kwanza ambao angekutumia kama hakujui. Akiandika “Mambo”, rudi kwenye mazungumzo yenu ya zamani ukatafute tena. Akiuliza jambo, na ukajikuta unataka kumjibu, iweke.

Haya, simu mikononi. Aliye tayari kunisomea yake na anyooshe mkono. Asiyetaka kusimama anipitishie karatasi, nitaisoma bila kutaja jina.