Kapsuli Nne Kabla ya Koleo: Nani Apewe, Nani Asipewe

Wenzangu, nianze na dawa ya kumkinga mgonjwa wa moyo na endokaditisi, yaani maambukizi ya ndani ya moyo na vali zake, anapotibiwa meno, maana tunaikosea hata kabla hatujaanza kubishana juu ya miongozo. Mtu ana vali bandia, kaja kung'olewa gego. Anaandikiwa amoksilini miligramu 500 kutwa mara tatu kwa siku tano, aanze akifika nyumbani. Kila anayelifungua faili anaridhika kwamba mgonjwa kakingwa. Hajakingwa! Bakteria wa mdomoni wanaingia kwenye damu wakati koleo liko kwenye jino, na dakika chache baadaye mwili umeshawaondoa wengi wao. Dawa inatakiwa iwakute njiani. Sasa anayemeza kapsuli ya kwanza baada ya chakula cha mchana anamkinga nani?

Dozi ni gramu 2, yaani kapsuli nne za 500, zimezwe kwa mkupuo mmoja dakika 30 hadi 60 kabla ya kazi. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, lakini asivuke gramu 2, kwa hiyo wa kilo 14 anapata 700. Hakuna dozi ya jioni. Ile ya pili, ya saa sita baadaye, Chama cha Moyo cha Marekani kiliifuta mwaka 1997, lakini mikono yetu bado inaiandika. Ikisahaulika kabisa, mpe ndani ya saa mbili baada ya kazi kwisha. Zikipita hizo, umeshachelewa, mwambie ukweli na umfuatilie.

Haya, apewe nani? Zamani ilitosha kusikia moyo unavuma. Mwaka 2007 Wamarekani waliifupisha orodha: mwenye vali bandia au vali iliyotengenezwa kwa vifaa bandia, aliyewahi kuugua endokaditisi, baadhi ya waliozaliwa na kasoro kubwa za moyo, hasa wale wanaobadilika rangi kuwa bluu na hawajarekebishwa, na waliopandikizwa moyo kisha vali ikaharibika. Vali inayolegea tu, ambayo wengi tuliifundishwa kuiogopa, ikatoka.

Kwa nini? Wapo wanaosema ni kubana matumizi. Hapana, sababu ya kwanza ni mswaki. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1984 ilionyesha kwamba kutafuna na kusafisha kinywa kunaweza kuweka bakteria kwenye damu kwa jumla ya dakika 5,370 kwa mwezi, karibu saa 90, wakati kung'oa jino moja ni dakika 6 hadi 30. Mwaka 2008 yakatoka majibu ya utafiti wa watu 290: bakteria wenye uwezo wa kusababisha endokaditisi walionekana kwenye damu ya asilimia 23 ya waliopiga mswaki tu, asilimia 60 ya waliong'olewa jino bila dawa, na asilimia 33 ya waliong'olewa wakiwa wameshapewa amoksilini. Ziangalieni vizuri hizo namba tatu. Dawa inapunguza, haizuii. Na jino linang'olewa siku moja, mswaki unapigwa asubuhi na jioni mwaka mzima.

Najua kuna anayejiambia kwamba basi mgonjwa wa moyo aache mswaki. Hapana, bwana! Fizi zinazovuja damu kwa ugaga ndizo mlango. Mgonjwa wa vali asiyesafishwa meno kwa miaka mitatu yuko kwenye hatari ambayo kapsuli nne za siku moja haziigusi.

Sababu ya pili ndiyo inayosahaulika: kilichobadilika ni kipimo. Zamani tuliuliza nani ana uwezekano mkubwa wa kuambukizwa. Sasa tunauliza nani ataumia zaidi akiambukizwa. Makadirio yaliyowekwa mezani mwaka 2007 yalikuwa tukio moja kwa kila matibabu 142,000 ya meno kwa mwenye vali ya rumatiki, yaani iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, na moja kwa kila 114,000 kwa mwenye vali bandia. Wanakaribiana, sivyo? Lakini kwenye vali bandia bakteria hujijengea utando ambao dawa hupenya kwa shida. Matibabu huenda wiki sita na zaidi, mara nyingi lazima kifua kifunguliwe tena, na wanaofariki ni wengi zaidi. Ndiyo maana mmoja akabaki na mwingine akatoka.

Hapo ndipo huku kwetu tunapoguna, na tuna haki. Vali zetu nyingi ni za rumatiki, na mgonjwa wetu hana uhakika wa upasuaji mambo yakiharibika. Australia waliliona hilo, wakawabakiza wenye vali za rumatiki miongoni mwa wenyeji wa asili. Mwongozo wa Ulaya wa 2023 unamweka mgonjwa huyu katikati: si kawaida kumpa, ila daktari anaweza kuamua kwa mtu mmoja mmoja. Mimi nasema amua, kisha andika sababu kwenye faili. Usimpe kwa woga, wala usimnyime kwa kukariri.

Ila huyo wa rumatiki ana mtego wake. Anachomwa penisilini kila mwezi, na tunasema "tayari anayo". Ile ni kidogo mno kwa kazi hii, inamkinga na maambukizi ya koo tu. Tena bakteria wa mdomoni mwake huenda wameshaizoea. Ukiamua kumpa, toka kwenye familia ya penisilini: azithromaisini miligramu 500, au doksisaiklini 100.

"Si heri kuwapa wote tu?" Hapana, dawa nayo ina hatari yake. Klindamaisini ilikuwa ndiyo kimbilio la wenye mzio wa penisilini. Takwimu za Uingereza zilionyesha vifo 13 kwa kila dozi milioni moja, kwa sababu ya kuhara kukali kunakoanzia kwenye utumbo. Wamarekani wakaitoa mwaka 2021. Amoksilini yenyewe, dozi moja, ni salama mno, lakini aliyekwisha kuvimba midomo kwa penisilini hawezi kulipwa kwa takwimu.

Sasa tumchukue mgonjwa mmoja. Mama wa miaka 34, vali ya chuma, anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, gego la chini limeoza na jirani yake limebaki mizizi. Kwanza muulize amemeza nini. Hatakwambia usipomuuliza: jino lilimuuma, akaenda duka la dawa, akapewa amoksilini, leo siku ya nne. Ukimpa nyingine unawapa bakteria waliobaki dawa waliyokwisha kuizoea. Kama hakuna uvimbe wala usaha, amalize, subiri siku 10, ndipo umwite kwa kapsuli nne. Kama haisubiriki, azithromaisini 500 leo. Usimchome sindano ya msuli, yuko kwenye wafarini. Pima INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, ikiwa chini ya 4, ng'oa bila kusimamisha wafarini, shona na akandamize pamba, kisha INR irudiwe baada ya siku chache kwa sababu ya antibayotiki. Na ondoa gego, mizizi na ugaga wa upande ule kwa kikao kimoja. Ukimgawa vikao vitatu, ni dozi tatu na siku 10 katikati ya kila kimoja.

Naonyeshwa saa. Uingereza mwaka 2008 waliacha kumpa mtu yeyote, ugonjwa ukaonekana kupanda, chanzo hakikuthibitishwa, mwaka 2016 wakaongeza neno "kama kawaida" kwenye katazo lao. Hiyo tutaijadili siku nyingine. Ganzi kwenye fizi isiyo na maambukizi, picha ya jino, kurekebisha waya, jino la utoto kutoka lenyewe: hakuna dawa.

La mwisho, na hili sitaki liliwe na muda: mwenye vali akirudi wiki kadhaa baadaye na homa isiyoeleweka, msimwandikie chochote kwanza. Chukua damu ya kuotesha, mara tatu, sehemu tofauti za mwili. Kapsuli moja kabla ya hapo inaweza kuificha endokaditisi maabara wasiione.