Ruta Ina Tundu: La Kufanya Kabla ya Kusasisha

Asanteni, karibuni mkae. Nimekuja na ruta yangu ya nyumbani, hii hapa, Archer AX21 ya TP-Link, kwa sababu ina kisa chake. Desemba 2022, kwenye mashindano ya udukuzi ya Pwn2Own kule Toronto, watafiti walionyesha tundu katika ukurasa wake wa usimamizi. Palipotakiwa kuandikwa nchi, ukurasa ulipokea chochote na kukipeleka ndani bila kukikagua. Mshambuliaji akiandika amri badala ya nchi, ruta inaitekeleza kwa mamlaka yote. Tundu hilo linaitwa CVE-2023-1389.

Sasa sikilizeni hapa. Amri ile haikudai nenosiri. Kwa hiyo wewe uliyeondoa `admin` ukaweka nenosiri la herufi ishirini, kwa tundu hili hukupata kinga. Kinachoziba ni programu mpya ya ndani ya ruta, ile mafundi tunaiita famwea. Kwa AX21 ni toleo `1.1.4 Build 20230219` au la baada yake. Lilitoka Machi 2023, na Aprili watu wa Mirai, programu hasidi inayoteka ruta na kuzitumia kushambulia wengine, walikwishaanza kuzisaka ruta zilizobaki nyuma. Kuzima na kuwasha kunaiondoa Mirai, maana inakaa kwenye kumbukumbu ya muda, lakini tundu liko palepale na inarudi.

Basi tusasishe. Kabla ya kufungua ukurasa wowote, geuza ruta tumbo juu usome kibandiko. Jina la modeli halitoshi. Kuna neno `Ver` na namba, mara nyingi na herufi za eneo kama `EU` au `US`. Ruta mbili zenye jina moja na `Ver` tofauti zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na famwea ya moja haifai kwa nyingine. Namba hiyo ndiyo unayochagua kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwingine. Kama ruta umepewa na kampuni ya intaneti, simama hapo uwapigie wao. Nyingi zina famwea ya kampuni yenyewe.

Pakua faili sasa, wakati intaneti bado ipo. Likija kama zip, lifungue upate faili la `.bin`.

Halafu chukua nakala ya mipangilio: `Advanced`, `System`, `Backup & Restore`. Nalo litakuwa `.bin`, kwa hiyo lipe jina lisilochanganya. Nimewahi kuona mtu akipakia nakala kwenye nafasi ya famwea, kisha analalamika kwamba ruta inakataa. Bahati yake ilikataa. Ila usiitegemee nakala peke yake, kwa sababu famwea mpya huweza kuikataa ya zamani. Chukua daftari uandike jina la Wi-Fi, nenosiri lake, na kama ruta yako inaingia intaneti kwa jina na nenosiri, njia inayoitwa PPPoE, jina na nenosiri hilo ulilopewa na kampuni. Hilo la mwisho ndilo watu hulikosa saa nne usiku, na ofisi imeshafungwa.

Umeme. Ruta inafuta sehemu ya kumbukumbu yake ya kudumu ndipo iandike mpya, kwa dakika chache. Umeme ukikatika hapo, inaweza isiwake tena kama kawaida. Mteja wangu mmoja wa nyumba ya wageni alianza jioni, umeme ukaenda, na uliporudi taa ya kwanza ikawa inapepesa tu. Tuliifufua, lakini iligharimu siku nzima ya kazi. Mwenye betri ya akiba aitumie. Asiyekuwa nayo achague saa ambayo mtaani kwake umeme huwa umetulia.

Unganisha kompyuta kwa waya kwenye mlango wa LAN, si wa WAN, ili faili lisikatike njiani. Fungua `tplinkwifi.net` au `192.168.0.1`, nenda `Advanced`, `System`, `Firmware Upgrade`, chagua faili, bonyeza, halafu mikono mfukoni. Asilimia zikiganda usichomoe. Ruta itajiwasha yenyewe.

Ikirudi, soma toleo kwenye ukurasa uleule na ulilinganishe na jina la faili ulilopakua. Yakitofautiana, sasisho halikuingia hata kama ukurasa ulisema limekamilika.

Kisha tazama vitu viwili ambavyo sasisho haligusi. `Remote Management`, yaani kuisimamia ruta ukiwa nje ya nyumba, iwe imezimwa. Na anwani za DNS, zile ruta inakouliza kila tovuti iko wapi: ukikuta namba usizozijua wala kampuni yako haizijui, kuna mtu aliingia kabla yako. Hapo rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, na usirejeshe ile nakala, kwa sababu itarudisha namba zilezile. Andika upya kwa mkono kutoka kwenye daftari.