Kadi ya Nikaha kwa Mgeni Asiye Mwislamu

DEO: Karibuni msikilizaji. Mimi ni Deo, mshereheshaji wa harusi hapa Dar es Salaam, na kama kawaida niko na dada Mwanahawa, aliyefundisha madrasa kabla ya kuingia kwenye kazi ya kuandika na kuchapisha kadi pale Kariakoo. Asalaam aleikum, dada.

MWANAHAWA: Waaleikum salaam, kaka Deo. Karibuni.

DEO: Leo tuko kwenye karatasi moja tu, ile anayopewa mgeni Mkristo, au wa dini nyingine, anayealikwa kwenye nikaha. Nimeshakaa na wageni wa namna hiyo mara nyingi. Wanafika, wanaketi, wanasubiri bibi harusi aingie. Wanasubiri pete, wanasubiri kiapo. Halafu wanaona watu wanapeana mikono na halua inapita, wanaulizana, "Kwani imeshafungwa?"

MWANAHAWA: Imeshafungwa, ndiyo. Na ndiyo sababu ninasisitiza kwa kila familia inayokuja kwangu: kadi ianze na jambo hilohilo. Nikaha ni mkataba. Unafungwa kwa kauli mbili, moja ya walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, ya pili ya bwana harusi, mbele ya mashahidi wawili. Kauli zote mbili hazimalizi dakika moja. Mgeni akiwa ameinamia simu yake, ndoa inampita.

DEO: Kadi nyingi ninazoziona zinaorodhesha tu. Kisomo cha Kurani, hotuba, kufunga ndoa, dua, chakula. Mtu anayejua ataelewa, asiyejua haambiwi kitu.

MWANAHAWA: Haambiwi, kwa sababu "kufunga ndoa" ndiyo anayokuja kuiona na hajui inavyoonekana. Mimi huandika hivi, nikusomee: "Sheikh akimaliza hotuba, utamwona bwana harusi ameshikana mkono wa kulia na mwanamume aliyeketi mbele yake. Huyo ni baba wa bibi harusi, au aliyewakilishwa naye. Atasema kwamba amemwozesha binti yake kwa mahari waliyokubaliana. Bwana harusi atajibu papo hapo kwamba amekubali kumuoa kwa mahari hayo. Kwa jibu hilo wamekuwa mume na mke."

DEO: Hapo umempa cha kutazama. Mkono.

MWANAHAWA: Mkono ndio unaomwonyesha. Lakini kushikana mikono ni desturi tu, kinachofunga ndoa ni maneno. Na jibu lifuate kauli ya walii bila kitu cha kando kuingia katikati. Kwa hiyo chini ya sentensi hizo ninaongeza: "Tafadhali tutulie kimya, tusipige makofi wala kumsogelea bwana harusi kwa picha mpaka sheikh aanze dua."

DEO: Hilo la picha ni kweli kabisa. Mpiga picha anamwambia bwana harusi ageuke, na walii ndiyo kwanza ametoa kauli.

MWANAHAWA: Sheikh makini atasimamisha na kuanza upya, walii arudie kauli yake. Wapo pia masheikh wanaomtaka bwana harusi arudie jibu mara tatu. Mgeni asidhani alikosea. Ni kutilia mkazo, ndoa imepita kwenye jibu la kwanza.

DEO: Sasa dada, swali ambalo wageni wengi wanalo, na wanaogopa kuuliza. Bibi harusi yuko wapi?

MWANAHAWA: Mara nyingi yuko nyumbani kwao, au chumba kingine, pamoja na wanawake. Hapa ndipo kadi isipoeleza, mgeni anaondoka na picha mbaya kwamba wanaume wawili wamemgawana binti ambaye hakuulizwa. Inaniuma, kwa sababu aliulizwa. Kabla ya kikao, walii au sheikh anamwendea, pamoja na mashahidi, anamtajia jina la mume na kiasi cha mahari, anamuuliza kama ameridhia. Ni idhini yake ndiyo inayopelekwa kule kwenye kikao.

DEO: Na akinyamaza? Maana nimesikia kunyamaza ni kukubali.

MWANAHAWA: Kuna hadithi ya Mtume kwamba binti ambaye hajaolewa huona haya, na kunyamaza kwake ni idhini yake. Aliyewahi kuolewa, yeye lazima atamke. Masheikh ninaofanya nao kazi hutaka wote watamke, na pia waweke saini, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, na ndoa hii inaandikishwa serikalini kama nyingine. Kwenye kadi sihitaji kusimulia yote hayo. Ninaandika: "Bibi harusi hayupo ukumbini. Ameulizwa na ametoa idhini yake mbele ya mashahidi kabla ya kikao hiki, na bila idhini hiyo kikao kisingefanyika." Basi.

DEO: Lakini sentensi hiyo huwezi kuichapa kama hujui itafanyika lini. Kuna familia bibi harusi anaulizwa wageni wakiwa wameshaketi, sheikh anainuka anaondoka na mashahidi.

MWANAHAWA: Ndiyo, na hapo wageni wanaona sheikh ametoka, wanafikiri kuna tatizo. Kwa hiyo kabla sijachapa ninauliza familia: idhini inachukuliwa saa ngapi na wapi? Kama ni wakati wa kikao, ninabadilisha: "Sheikh na mashahidi watatoka kwa muda mfupi kwenda kumuuliza bibi harusi." Mgeni anakaa akijua anasubiri nini.

DEO: Mahari. Hili nalo nataka tulikalie, maana kwetu bara mahari wanapokea wazazi wa binti. Ng'ombe, blanketi la bibi, mashuka. Sasa mtu wa kwetu anamsikia baba mkwe anataja mahari kwenye kikao, anaona anatangaza alichopokea.

MWANAHAWA: Kumbe ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Kurani, sura ya nne aya ya nne, inaamuru wanawake wapewe mahari yao. Baba hana fungu humo, isipokuwa binti mwenyewe apende kumpa. Yanaweza kuwa fedha, dhahabu, msahafu, hata kufundishwa Kurani. Yanaweza kulipwa yote leo au mengine yabaki kuwa deni la mume. Kwa hiyo kiasi kikitajwa, kikubwa au kidogo, mgeni ajue kwamba ni haki ya mke inawekewa mashahidi.

DEO: Utaandika kiasi kwenye kadi?

MWANAHAWA: Hapana. Kitatajwa kwenye kikao, inatosha. Ninaandika: "Mahari utakayosikia yakitajwa ni zawadi ya lazima kutoka kwa bwana harusi kwenda kwa bibi harusi mwenyewe, na ni mali yake."

DEO: Hotuba je? Ile ya Kiarabu.

MWANAHAWA: Inaanza kwa kumshukuru Mungu, na kwa kawaida zinasomwa aya za kumcha Mungu, mojawapo ni ile ya kwanza ya Suratun Nisaa, inayosema watu wote wameumbwa kutokana na nafsi moja. Kisha sheikh anawausia maarusi kwa Kiswahili. Sitaki kadi ibebe zaidi ya mistari miwili hapo. Na jambo ninalolisimamia sana: nisichape aya kwa Kiarabu kwenye karatasi ya wageni. Karatasi hiyo itadondoka, itakanyagwa, itafungiwa halua. Andika maana yake kwa Kiswahili, na hiyo inamfaa mgeni zaidi.

DEO: Wateja hawalalamiki? Maandishi ya Kiarabu yanapendeza.

MWANAHAWA: Wanalalamika. Ninawaelekeza wayaweke kwenye kadi ya mwaliko, ile ambayo watu wanaihifadhi.

DEO: Muda sasa. Kadi inasema "baada ya sala ya Alasiri." Mfanyakazi mwenzako Mlutheri hajui hiyo ni saa ngapi.

MWANAHAWA: Hapa Dar Alasiri inaingia kati ya saa tisa na saa kumi, inasogea kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Muulize imamu wa msikiti huo sala ya jamaa inasimama saa ngapi tarehe hiyo, kisha uandike saa ya kuanza kikao. Na kama nikaha ni msikitini, mwambie mgeni: "Ukifika watu wakiwa wanasali, subiri barazani. Hutatarajiwa kusali." Watu wengi wanafika wanaingiwa na hofu, wafuate zile rakaa au wakae? Waambiwe mapema.

DEO: Na viatu.

MWANAHAWA: Viatu vinavuliwa mlangoni, tunakaa chini kwenye zulia, na usipite mbele ya anayesali. Familia imwombe imamu ruhusa ya wageni kabla ya kadi kuchapwa. Asipotaka, kikao kifanyike ukumbini au nyumbani, ndoa ni ileile.

DEO: Kuna jambo moja lilishanikuta kazini. Bwana harusi alitaka rafiki yake kipenzi, Mkatoliki, awe shahidi. Wakaja kuambiwa pale pale kwamba haiwezekani, na yule bwana akabaki na aibu mbele za watu.

MWANAHAWA: Hilo familia ilimalize nyumbani. Kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi wetu pwani, mashahidi wa nikaha ni wanaume wawili Waislamu. Rafiki anaweza kumsindikiza bwana harusi, kuketi karibu naye, kumshikia koti. Jina lake liwekwe kwenye ratiba kama msindikizaji, ili afike akijua nafasi yake.

DEO: Baada ya dua?

MWANAHAWA: Wakati wa dua wenye imani wanainua mikono na kuitikia "Amin", mgeni akikaa kimya kwa heshima inatosha. Kisha pongezi. Tunamwombea bwana harusi Mungu ambariki na awakusanye wawili hao katika kheri. Mgeni akisema "hongera, Mungu awabariki" amesema vizuri. Halua na kahawa vinapita. Halafu bwana harusi anakwenda kwa mkewe kumpa mkono, anamwekea mkono kwenye utosi na kumwombea dua. Hapo hufuatana na watu wachache wa karibu, wageni wa kiume wasiungane na msafara mpaka waalikwe.

DEO: Na wageni wa kike? Dada zetu wa ofisini mara nyingi kadi inawasahau. Wanaandamana na wanaume msikitini, wanaambiwa siyo hapa.

MWANAHAWA: Kwa hao ninachapa upande wa pili wa karatasi. "Wanawake tunakutana nyumbani kwa bibi harusi," mtaa, alama ya kuifikia nyumba, saa. Mtandio wa kichwani, gauni refu. Habari kwamba ndoa imepita italetwa kwa simu au kwa spika, na hapo ndipo vigelegele vinapopigwa, kwa hiyo wasishangae kukaa muda mrefu wakila na kuimba kaswida kabla ya hapo. Na namba ya mwanamke mmoja wa familia, asiye bibi harusi wala mama yake, atakayepokea simu siku hiyo.