Muhogo, picha nyeusi na hesabu inayofunga

Neema: Karibuni tena. Juma, wiki iliyopita ulinionyesha picha ya muhogo uliokatwa, nikabaki nayo kichwani. Wasimulie na wasikilizaji.

Juma: Nilikuwa najaribu modeli ya kutambua ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo. Unapiga picha ya kipande kilichokatwa, modeli inatoa alama: kina ugonjwa au hakina. Sasa kipande chenyewe kilikuwa na madoa meusi, yaani kuoza kavu ambako mkulima yeyote angekuonyesha kwa kidole. Modeli ikasema kina ugonjwa, na ilikuwa sahihi. Nikaomba ramani ya kunionyesha ni pikseli zipi zimesababisha jibu hilo. Nyama nyeupe ya muhogo ikawaka yote. Madoa yakabaki kimya kabisa.

Neema: Kwa hiyo modeli ilikuwa imepatia kwa bahati?

Juma: Nilidhani hivyo, nikakaribia kuitupa. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye kianzio.

Neema: Tuanze huko huko basi, lakini taratibu. Mbinu yenyewe ya kutengeneza ramani hiyo ni ipi?

Juma: Inaitwa mteremko uliojumlishwa. Ilitolewa mwaka 2017 na Mukund Sundararajan, Ankur Taly na Qiqi Yan. Anza na wazo rahisi: ukitaka kujua sifa fulani ya ingizo, mathalani pikseli moja, ina uzito gani kwenye jibu, iguse kidogo, uone jibu linasogea kiasi gani. Huo ndio mteremko. Shida yake inaonekana hata kwenye modeli ya sifa moja. Chukua modeli ambayo jibu lake linapanda sambamba na x mpaka x ifike 1, halafu linabaki 1 hata x ikizidi. Sasa x yako ni 2. Iguse kidogo.

Neema: Jibu halisogei. Mteremko ni sifuri.

Juma: Ukiamini mteremko wa hapo peke yake, utasema x haina mchango wowote, wakati jibu lote limetokana nayo! Modeli zetu kubwa ziko hivyo mara nyingi. Zikishakuwa na uhakika, zinafika kwenye tambarare. Kwa hiyo badala ya kupima pale ulipofika, unapima njia nzima. Unachagua pa kuanzia, ndicho kianzio, mathalani x ikiwa 0, unatembea kwa mstari ulionyooka hadi 2, na kila hatua unapima mteremko. Nusu ya kwanza ya safari mteremko ni 1, nusu ya pili ni 0, wastani 0.5. Zidisha kwa umbali uliotembea, ambao ni 2. Unapata 1.

Neema: Na jibu nalo lilitoka 0 likafika 1.

Juma: Umeliona mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni inayoitwa ukamilifu: ukijumlisha michango ya sifa zote, lazima upate tofauti kati ya jibu la ingizo lako na jibu la kianzio. Hakuna kinachopotea njiani, hakuna kinachozidi.

Neema: Kwenye kompyuta lakini hatutembei njia yote, tunaruka hatua hatua.

Juma: Na ndiyo maana ukamilifu una faida ya kazi. Tuseme modeli inaupa muhogo alama 0.92, na kianzio 0.04. Michango ijumlike 0.88. Ukitumia hatua 20 ukapata 0.71, umeruka mahali ambapo mteremko ulibadilika ghafla. Ongeza hatua. Waandishi wenyewe wanasema kati ya 20 na 300 kwa kawaida hutosha, na jumla iwe ndani ya asilimia 5 ya tofauti inayotakiwa. Kwenye maktaba ya programu iitwayo Captum unaweka `return_convergence_delta=True`, inakurudishia pengo hilo pamoja na michango. Mimi siangalii ramani kabla ya kuangalia pengo.

Neema: Na ile ramani yako ya muhogo, pengo lilikuwaje?

Juma: Dogo sana. Hesabu ilifunga vizuri, na bado ramani ilinipotosha.

Neema: Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Juma: Acha nikupe mfano wa kuhesabu kwa kichwa. Shamba ambalo mavuno yake ni mbolea mara maji. Mbolea 2, maji 3, mavuno 6. Kianzio cha kwanza: hakuna mbolea, hakuna maji. Tunapotembea, mteremko wa mbolea ni kiasi cha maji kilichopo wakati huo, kinachotoka 0 hadi 3, wastani 1.5. Zidisha kwa 2, mbolea inapata 3. Mteremko wa maji ni kiasi cha mbolea, wastani 1, mara 3: maji nayo yanapata 3. Jumla 6.

Neema: Nusu kwa nusu.

Juma: Sasa kianzio cha pili: shamba lile lile msimu wa ukame, mbolea 2, maji 0. Mavuno hapo pia ni sifuri. Lakini mbolea haikubadilika njiani, kwa hiyo mchango wake unazidishwa kwa sifuri. Maji yanachukua 6 zote.

Neema: Jumla ni 6 tena! Zote mbili zimetimiza ukamilifu, na mgawo ni tofauti kabisa.

Juma: Na hakuna iliyokosea. Zimejibu maswali mawili. Ya kwanza inauliza kwa nini 6 badala ya shamba tupu. Ya pili inauliza kwa nini 6 badala ya mwaka wa ukame. Ukamilifu unakuhakikishia kwamba mgawo umetoshana na tofauti. Haukuambii kama ulilinganisha na kitu kinachofaa.

Neema: Nimeanza kuuona muhogo wako. Uliweka kianzio cheusi.

Juma: Picha nyeusi tupu, kama wengi wanavyofanya. Mchango wa kila pikseli unazidishwa kwa tofauti kati yake na kianzio. Doa jeusi ukilitoa kwenye weusi, linabaki karibu na sifuri. Hata modeli iwe inalitegemea kwa kila kitu, haliwezi kupata alama. Nyama nyeupe ndiyo iko mbali na kianzio, ikabeba mzigo wote.

Neema: Ungeweka nyeupe?

Juma: Niliweka. Madoa yakawaka, nyama ikanyamaza. Nikafurahi kwa dakika moja, halafu nikajiuliza kama sijachagua tu rangi inayonipa ninachotaka. Jambo jingine: watu wengi huacha sifuri ya kawaida ya programu wakidhani ni nyeusi. Kama picha zilishasawazishwa kwa kutoa wastani wa rangi, sifuri hiyo ni kijivu.

Neema: Mwishowe ulitumia nini?

Juma: Picha kadhaa za mihogo mizima isiyo na ugonjwa, zilizopigwa kwa mwanga ule ule. Nikapima mchango kutoka kwa kila moja, nikachukua wastani. Ukamilifu unabaki, ila sasa unafunga dhidi ya wastani wa alama za mihogo mizima, na swali linakuwa la mkulima: huu una nini ambacho ule mzima hauna? Kasoro ipo. Katikati ya njia unakuwa na picha mbili zilizochanganywa, kitu ambacho modeli haijawahi kukiona, na kingo za muhogo wa kianzio huacha vivuli kwenye ramani.

Neema: Na madoa?

Juma: Yaliwaka, ila si yote. Kwa hiyo nikayafunika moja moja kwa rangi ya nyama ya pembeni, nikaendesha modeli upya. Yale mawili ya katikati yalipofunikwa, alama ilianguka. La pembeni, karibu na ganda, halikubadilisha chochote, na kwenye ramani ya wastani lilikuwa limefifia vile vile.

Neema: Kwenye ile ya kianzio cheupe lilikuwaje?

Juma: Liliwaka kuliko yote.