Kwa nini tumbo halijili lenyewe

Haya, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Nikisema tumbo leo namaanisha ule mfuko chakula kinakoshukia, sio utumbo, sio kitambi.

Naanza na maiti, msishtuke. Mwaka 1772 daktari mpasuaji mmoja wa London, John Hunter, mtu aliyepasua maiti nyingi sana maishani mwake, aliandika jambo lililokuwa linamsumbua. Kuna wakati akimfungua mtu aliyekufa ghafla, mtu aliyekuwa mzima hana hili wala lile, anakuta tumbo limetoboka, kingo za tundu zimelainika kama zimeyeyuka na vilivyokuwemo vimemwagika nje. Ugonjwa hakuna. Tumbo limejila lenyewe baada ya mwenyewe kufa. Sasa mbona jana yake, mtu yuko hai, juisi ni ile ile na nyama ni ile ile, halikujila? Hunter akasema ni nguvu ya uhai inalilinda, basi, akaishia hapo. Jibu zuri kwa wakati wake ila halituambii hiyo nguvu inakaa wapi.

Leo tunajua inakaa wapi, na ni sehemu ndogo kweli. Asidi ikitoka kwenye seli zinazoitengeneza ina pH, yaani kile kipimo cha ukali wa asidi, chini ya 1, ikishachanganyika tumboni ukiwa na njaa inakuwa kama 1.5 mpaka 2. Uso wa seli zinazopakana na tumbo unatakiwa ubaki karibu na 7. Na pH haihesabiwi kama vidole, kila ukishuka namba moja ukali unazidi mara kumi, kwa hiyo kutoka 7 hadi 2 ni mara laki moja. Mara laki moja, halafu umbali kati ya huku kukali na kule kutulivu haufiki hata nusu milimita! Hiyo nusu milimita pungufu ndiyo mhadhara wangu wote.

Pale katikati kuna ute. Watu wengi, na hata baadhi yetu tunaofundisha, tunauelezea kama koti la mvua, kwamba asidi inagonga inateleza. Hapana bwana. Ute ni maji zaidi ya asilimia 90, na kilichobaki hasa ni protini ndefu zilizojaa sukari zinazoshikana zikafanya kitu kama jeli. Asidi inapenya humo, polepole lakini inapenya, kwa hiyo ute peke yake usingetuokoa. Kazi yake kubwa ni kutuliza maji. Tumbo muda wote linakoroga, sasa bila ute chochote ambacho seli inatoa kingefagiliwa hapo hapo, ila ndani ya ute hakuna anayekoroga, kinachowekwa kinakaa. Tena ute unaizuia pepsini, ile enzaimu inayokata protini, maana molekuli yake ni kubwa haipiti kirahisi kwenye ile jeli, kwa hiyo inabaki juu inautafuna ute kidogo kidogo huku seli zinaongeza mwingine kutoka chini. Ni kama ukuta unaobomolewa upande mmoja na kujengwa upande wa pili usiku na mchana.

Na kinachowekwa ndani ya ute ni baikaboneti, kitu kinachoizima asidi. Hapa kuna hesabu ambayo mwanzoni inakataa kabisa: tumbo likiwa limepamba moto baikaboneti yake haizidi kama sehemu moja ya kumi ya asidi. Sasa moja itapigana vipi na kumi? Haipigani nazo. Haijaribu hata kidogo kuipoza ile asidi yote iliyojaa tumboni, ingeshindwa, na kwanza tungekosa mmeng'enyo. Inasubiri ndani ya ute, inakutana na ile asidi kidogo inayojipenyeza, zinamalizana humo humo inabaki maji na hewa ya ukaa. Vita ni ya mlangoni tu.

Sasa hii sehemu naipenda kuliko zote naomba mnivumilie. Baikaboneti yenyewe inatoka wapi? Seli inayotengeneza asidi inachukua maji na hewa ya ukaa, inapata vitu viwili, haidrojeni ambayo ndiyo asidi, na baikaboneti. Haidrojeni inasukumwa na pampu kwenda tumboni, baikaboneti inatupwa nyuma kwenye damu kama makapi. Lakini vile vimishipa vidogo vya damu vinapanda kutoka kwenye tezi za asidi kule chini mpaka juu, vinapita chini ya seli za uso, zile zile zinazohitaji ulinzi, nazo zinaichota baikaboneti humo zinaimwaga kwenye ute. Yaani asidi ikiongezeka dawa yake inaongezeka kwa mkono huo huo, na ukila sana baikaboneti inayobaki kwenye damu inafanya hata mkojo upungue ukali kwa muda.

Basi rudini kwa maiti wa Hunter. Moyo umesimama, damu haiendi, baikaboneti haifiki na ute mpya hautengenezwi, ila asidi na pepsini zilizokwisha kutoka bado zimo. Na sio maiti tu, mtu aliyeungua vibaya au aliyepoteza damu nyingi mwili unaipeleka damu kwenye ubongo na moyo, tumbo linapunjwa, linachubuka hata kama asidi haijazidi.

Kwa wengi wetu lakini mlinzi anaondolewa na vidonge. Chukueni mzee wa miaka 68, goti linamsumbua, anameza diklofenaki mara mbili kwa siku, wiki ya sita sasa. Hizi dawa zinazima prostaglandini, ambayo inafanya goti liume lakini ndiyo pia inayoziamrisha seli za tumbo kutoa ute na baikaboneti na kuiacha mishipa wazi. Goti linapoa. Ute unapungua, damu inapungua, asidi imebaki vile vile. Anayetegemea maumivu yamwambie atadanganyika, kwa sababu dawa yenyewe ni ya kuua maumivu. Kitu cha kwanza anachokiona ni choo cheusi kama lami, kinachonata, kinanuka tofauti, halafu akisimama anasikia kizunguzungu. Ile ni damu iliyopikwa na asidi, na huyo ni wa kwenda hospitali leo leo sio kesho. Akiwekwa kamera tumboni kinaonekana kidonda. Diklofenaki inasimamishwa, anapewa omeprazoli ya kufunga ile pampu kwa wiki kadhaa, pH ikipanda juu ya 4 pepsini inalegea na kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Na apimwe yule bakteria wa tumbo, Helikobakta, maana naye anauharibu ute kwa njia zake, wakiwa wote wawili ni balaa.

Ndiyo, dada, uliza. Anauliza yeye anatumia diklofenaki ile ya kuweka nyuma, haipiti tumboni, si yuko salama? Swali zuri, na hata kidonge chenye ganda lisiloyeyuka tumboni ni swali lile lile. Aspirini, nayo ya ukoo huo huo, kweli inachubua ikigusa, hiyo unaikwepa kwa ganda. Lakini prostaglandini inazimwa na dawa iliyo kwenye damu, na damu hiyo, kama nilivyosema, inapita chini ya zile seli za uso, haijalishi dawa iliingilia mlango gani.