Kipini, Hereni na Picha Rasmi: Lini Uviondoe, na Uviondoeje

Ndugu zangu watazamaji mlioko Mombasa, Tanga, Unguja na kwingineko nyumbani, nawasalimu kutoka Minneapolis, ambako kazi yangu ni kupiga picha na kuzisafisha kwenye kompyuta. Leo ninajibu swali ambalo akina dada wa pwani huniletea mara kwa mara: mtu ana kipini puani na hereni masikioni, anatakiwa atoe picha rasmi, na hajui kama avivue kwanza, aviache, au apige picha hivyo hivyo kisha vifutwe baadaye.

Kabla ya kuamua, uliza picha hiyo inakwenda kufanya kazi gani. Kama ni picha ya kukutambulisha, yaani ya viza, ya pasipoti au ya kitambulisho, programu ya kuhariri usiiguse kabisa. Nitoe mfano wa viza ya Marekani, kwa kuwa ndiyo ninayoulizwa zaidi. Masharti yake yanaruhusu vito na kipini cha usoni madhali havifichi uso, lakini picha iliyobadilishwa kwa kompyuta haikubaliwi. Hivyo dada anayefuta kipini kwenye picha ya viza anaondoa kitu kilichoruhusiwa kwa njia iliyokatazwa. Kama hukitaki kwenye picha hiyo, kivue kabla ya kupigwa. Kama utakiacha, mwombe mpiga picha asogeze taa kidogo ili kito kisimeremete, maana mng'ao mkali huficha sehemu ya pua, na hapo ndipo kitu kilichoruhusiwa huanza kuleta shida.

Kuvua nako kuna hesabu yake. Ndewe ya sikio kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8, lakini tundu la pua huhitaji miezi 4 hadi 6, na kwa wengine zaidi. Tundu ambalo halijapona linaweza kuanza kujifunga muda mfupi baada ya kipini kutoka, na kukirudisha kwa nguvu huleta kidonda. Kwa hiyo aliyetoboa karibuni simshauri avue kwa ajili ya picha. Ambaye tundu lake limekomaa anawe mikono kwa sabuni, akitoe kipini kwa kukizungusha polepole kufuata mkunjo wa kijiti kinachoingia puani, apige picha, kisha akirudishe siku hiyo hiyo kikiwa kimesafishwa kwa maji ya chumvi ya dukani, yale ya asilimia 0.9.

Picha za kazi ni jambo jingine. Picha ya tovuti ya ofisi, ya wasifu au ya mahafali inaweza kuhaririwa mradi mwenye sura ameridhia, na hapo nasisitiza neno mwenye sura. Kwetu pwani kipini ni pambo la heshima walilolivaa bibi zetu, na si haki ya mpiga picha kulifuta kwa sababu yeye anaona picha inapendeza zaidi bila kipini.

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi. Dada mmoja wa Mombasa ameajiriwa benki, na ofisi imeomba picha zisizo na vito vya usoni. Aliyonayo ni nzuri: mwanga unatoka dirishani upande wake wa kushoto, kipini kiko pua ya kushoto, na hereni ni za duara, zinaning'inia. Yeye mwenyewe ameomba vyote vitoke. Ninatumia programu ya kuhariri picha iitwayo GIMP kwa kuwa ni ya bure na nyumbani inapatikana kwa urahisi.

Hatua ya kwanza ni kuiacha picha ya asili salama. Ninaifungua, ninachagua Duplicate Layer, yaani nakala ya picha inayokaa kama tabaka juu ya ile ya asili, na kazi yote inafanyika kwenye tabaka hilo jipya. Kisha ninakuza hadi asilimia 200 na kukitazama kipini kwa makini kabla ya kugusa lolote, kwa sababu kipini pichani si kile kichuma peke yake. Kuna nukta nyeupe ya mng'ao, kuna kivuli chembamba upande uliogeukia mbali na dirisha, na mara nyingi kuna wekundu kidogo kuzunguka tundu. Anayefuta chuma akaacha kivuli humwachia mwenye picha kitu kinachofanana na chunusi, na hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye picha ninazoletewa kurekebisha.

Kifaa cha kwanza ni Heal, herufi H kwenye kibodi. Unabonyeza Ctrl huku ukigusa ngozi safi unayotaka kuiazima, kisha unagusa mahali pa kufunika. Heal huchukua vinyweleo vya ngozi uliyoazima na kuvioanisha na rangi na mwanga wa mahali unapoviweka. Burashi iwe kubwa kidogo tu kuliko kipini, na ngozi uiazime kwenye bawa lile lile la pua, milimita chache kando. Usiazime shavuni, kwa kuwa ngozi ya pua ina vinyweleo vilivyo wazi zaidi na mng'ao wake wa asili, na kwenye ngozi nyeusi kama zetu mng'ao huo ndio unaoipa pua umbo. Ukiuondoa, pua inaonekana kama imepakwa majivu. Usiazime pia pua ya kulia, maana mwanga wake ni tofauti.

Ugumu huanza kipini kinapokaa karibu na ukingo wa tundu la pua au kwenye mkunjo wa bawa. Hapo Heal huvuta weusi wa jirani na kuacha doa la moshi. Ukiliona doa hilo, rudi nyuma kwa Ctrl+Z na utumie Clone, herufi C, ambayo hunakili bila kuoanisha. Azima juu zaidi kwenye mkunjo ule ule, punguza Opacity, yaani uzito wa kinachopakwa na burashi, hadi kama 50, na upite kwa miguso mifupi inayofuata mstari wa mkunjo.

Hereni za duara zinataka subira zaidi, kwa sababu ndani ya duara inaonekana shingo au nywele, na kivuli chake huanguka shingoni mbali na hereni yenyewe. Ninaanza na ukingo wa ndewe kwa Clone yenye burashi ngumu, kwa kuwa ukingo ukilegea sikio lote linaonekana limeyeyuka. Baada yake nafuta duara kwa vipande, ngozi kwa ngozi na nywele kwa nywele, kisha kivuli cha shingoni kwa Heal. Tundu la ndewe ninaliacha likionekana hafifu, kwani sikio la mtu mzima aliyetoboa lina alama, na wafanyakazi wenzake wanalijua.

Kukagua, ninarudi asilimia 100, nawasha na kuzima alama ya jicho ya tabaka la juu nikilinganisha na asili, kisha ninageuza mwonekano kushoto kulia, kwa kuwa jicho lililozoea picha halioni tena vinyweleo vilivyojirudia. Nikiona nukta mbili zinazofanana kabisa karibu karibu, moja naifunika kwa ngozi ya kwingine. Faili la kazi nalihifadhi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, pamoja na tabaka la asili, na ile ya kutuma naitoa kwa Export As kama JPEG, nikiipa jina linaloonyesha kwamba imehaririwa, ili dada huyu asije akaipeleka ubalozini kwa bahati mbaya.